Nilivyoiponda Nyumba Yetu Mbele ya Mthamini

Sisi tulilelewa kuponda vya kwetu. Mtu akisifia shati lako, unamwambia ni la mtumba, hata kama ulilinunua dukani na risiti bado iko mfukoni. Akisifia mtoto wako, unasema huyu ni mtundu tu, hana lolote. Na mgeni akifika mlangoni unamkaribisha "kibandani", hata kama kibanda chenyewe kina gereji. Ni adabu, na ni kinga pia, maana jicho la mtu hulijui. Aliyenifundisha ni dada yangu mkubwa, tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma na mimi bado natembea peku. Tukipata mafuta ya kupikia ya ziada, tuliyaficha chini ya kitanda, kisha tukatoka nje kulalamika njaa pamoja na wenzetu. Nilikuwa mwanafunzi hodari. Miaka mingi baadaye, hapa Sydney, elimu hiyo ilikuja kunitia aibu ambayo mpaka leo mke wangu anaisimulia kwenye sherehe za watu.

Nyumba yetu ya Doonside niliinunua na dada. Yeye alikuwa anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi naendesha forklifti kwenye ghala. Mmoja mmoja hakuna benki ambayo ingetusikiliza, lakini mishahara miwili ikiwekwa pamoja ilionekana kama ya mtu mzima mmoja. Majina yetu yote yakaingia kwenye hati, nusu yake na nusu yangu. Baadaye nikaoa, watoto wakaja watatu, na dada akabaki kwenye chumba chake cha nyuma, kile chenye dirisha la bustanini, akilala mchana huku wanangu wanapigana masumbwi ukutani kwake.

Mwaka wa pili wa Korona, majira ya baridi, Sydney yote ikiwa imefungiwa ndani, dada alitangaza kwamba anataka kuhama. Hakugombana na mtu. Alikuwa anamenya viazi, akasema tu kwamba amechoka kuishi kwenye nyumba ambayo mlango wake unafunguliwa na kila mtu. "Nataka mlango wangu," akasema. Kulikuwa na fleti ya chini, ya vyumba viwili, huko Mount Druitt, karibu na kazini kwake na isiyo na ngazi za kumuumiza magoti. Mwenye fleti alikuwa nesi mstaafu aliyewahi kufanya kazi na dada, naye alikubali kumsubiri kidogo kabla ya kuitangaza. Kilichobaki ni mimi kuchukua mkopo mpya, ninunue nusu ya dada, naye aende na fungu lake.

Sasa nusu ya nini? Hapo ndipo ndugu wengi wanapotoana macho, na sisi tukajiona wajanja. Tulikubaliana kwamba hatutajadili bei. Benki ingetuma mthamini wake kwa ajili ya mkopo wangu, na bei atakayoandika yeye ndiyo hiyo hiyo tutakayogawana baada ya kutoa deni lililobaki. Dalali wetu wa mikopo, mama mmoja wa Kenya mwenye ofisi Parramatta, ambaye siku hizo alifanyia kazi mezani kwake nyumbani na mtoto akimvuta nywele, alituuliza kwenye simu ya video kama tuna uhakika. Alisema mthamini wa benki anaifanyia kazi benki, si sisi, na hana sababu ya kuwa mkarimu. Tukamjibu kwa pamoja kwamba tuna uhakika. Nakumbuka hata nilimweleza kidogo kuhusu maana ya udugu. Kweli kabisa, nilimhutubia.

Mthamini hakuingia ndani. Kwa masharti ya wakati ule, alisema angeitazama nyumba kutoka barabarani akiwa ndani ya gari, angenipigia simu kuniuliza maswali, na mimi ningemtumia picha. Alinipigia nikiwa kazini, kwenye mapumziko ya chai. Nikajibanza katikati ya marundo ya katoni, nikashusha barakoa, nikajiandaa kuwa mtu mwenye adabu.

Aliuliza nyumba ina vyumba vingapi vya kulala. Nikasema vitatu, na kachumba kengine kadogo tu kwa nyuma. Kachumba! Chumba cha dada ni kikubwa kuliko changu, kina kabati la ukutani mpaka juu. Lakini kusema "vinne" kuliniwia kama kupiga kifua mbele ya mtu nisiyemjua. Akauliza jiko likoje. Nikamwambia ni la kizamani, linatutosha tu, wakati tulikuwa tumelibadilisha lote, mpaka sinki, na dada ndiye aliyechagua rangi ya kabati. Akauliza choo cha pili. Nikasema kipo, cha dharura. Akauliza kama dari linavuja. Mtu mwenye akili angesema halivuji, kwa kuwa halikuvuja. Mimi nikasema hatulalamiki, lakini kuna alama kwenye dari la chumba cha kufulia. Alama hiyo ilikuwa ya zamani, na bomba lenyewe lilikwisha kutengenezwa na fundi kitambo. Hilo la fundi sikulisema. Nililiona kama kujitetea.

Mwisho nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri cha kazini, kwamba ni nyumba ya mtu maskini, asitegemee makubwa. Akacheka kidogo na kunishukuru kwa kuwa muwazi. Nikarudi kwenye forklifti nikiwa nimefurahi sana. Nilihisi tumeelewana, mimi na yule bwana. Nilipofika nyumbani nikampigia picha: jikoni na sufuria zikiwa juu ya meza, sebuleni na nguo zikiwa zimeanikwa kwenye viti kwa sababu ya mvua, na ile alama ya dari nikaisogelea mpaka ikajaza picha nzima, asije akadhani namficha kitu.

Ripoti ilirudi. Ni mali ya benki, lakini dalali wetu alikuwa na ruhusa ya kutuonyesha. Dola laki sita na elfu tisini. Mwaka ule nyumba zilikuwa zinapanda bei kila tulipogeuza shingo, na mtaani kwetu hakuna aliyekuwa anazungumzia chini ya laki saba na nusu. Nilimwangalia dada. Yeye hakuangalia bei. Alikuwa amevaa miwani yake, anasoma ripoti kutoka mwanzo, neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, kama anavyosoma maagizo ya dawa za wazee wake. Alipofika kwenye sehemu ya hali ya nyumba, kidole kikasimama.

Paliandikwa kwamba kwa maelezo ya mmiliki, nyumba ni ya zamani na ya hali ya chini, ina vyumba vitatu na chumba kidogo cha ziada, jiko la kizamani, na dari lenye dalili za kuvuja.

"Wewe ndiye uliyemwambia hivi?" dada akaniuliza.

Nikasema nilikuwa naongea kwa adabu tu. Akavua miwani, akaikunja, akasema haya, na akaenda chumbani kwake. Kale kachumba.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Bei ikiwa ndogo, nusu ya dada ni ndogo. Nusu ya dada ikiwa ndogo, mkopo wangu ni mdogo. Yaani kila neno la adabu nililosema katikati ya katoni lilikuwa limemtoa dada pesa mfukoni na kuzitia mfukoni kwangu. Kwa fungu lile, pamoja na kamkopo ambako benki ingempa mtu wa umri wake, fleti ya Mount Druitt haikufikika. Na mwizi mjanja kabisa, aliyekaa akapanga namna ya kumdhulumu dada yake, asingesema tofauti na nilivyosema mimi. Mke wangu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa mjinga kweli au nilijifanya. Nikamwambia kweli. Akasema, "Afadhali." Hakufafanua.

Dada hakununa. Ingekuwa nafuu. Alianza kunisalimia vizuri. "Habari za asubuhi." "Za kazi." Mtu aliyenibeba mgongoni, aliyezoea kuniita we mbwa njoo ule, ananiuliza habari za kazi kama mhasibu wa kanisa. Chakula changu alikifunika kwa sahani safi. Niliumia mpaka nikashindwa kula hicho chakula, na wakati huo huo nilikila, kwa sababu kilikuwa kitamu.

Basi nikaamua kurekebisha mambo, na kama kawaida yangu nikaanzia mahali pasipofaa. Nilimpigia mthamini moja kwa moja. Nikamwambia yale niliyosema hayakuwa kweli, kwamba kwetu mtu hasifii nyumba yake. Yule bwana alinijibu kwa heshima kwamba mteja wake ni benki, kwamba haruhusiwi kujadili ripoti na mimi, na kwamba kama nina pingamizi lipitie kwa dalali wangu na benki. Nadhani pia alijiuliza ni lini hasa nilikuwa mkweli. Nisingemlaumu.

Kisha nikaandika barua. Kurasa mbili zilizojaa. Nilieleza kambi, nikaeleza zamu za usiku, nikaeleza magoti ya dada. Nyuma nikaambatanisha matangazo ya nyumba zinazouzwa Doonside, nikichagua zile zenye bei ya kupendeza, mojawapo ikiwa na bwawa la kuogelea. Nikamtumia dalali nikiwa na uhakika kwamba mthamini atalia.

Dalali alinipigia hata kabla sijafunga kompyuta. Alikuwa anajizuia kucheka, na hakufanikiwa. "Kaka yangu," akasema, "mthamini halipwi kulia."

Alinielimisha taratibu, mtoto akiimba nyuma yake. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji, hakuna mthamini anayeihesabu. Kinachohesabika ni nyumba iliyokwisha kuuzwa, yaani mnunuzi na muuzaji wamesaini na bei inaweza kuthibitishwa. Iwe karibu, iwe imeuzwa miezi michache iliyopita, iwe na kiwanja kama chetu na vyumba kama vyetu. Tatu nzuri zinatosha. Kumi mbovu zinaharibu. Nikauliza kama tunaweza kumlipa mthamini wetu wenyewe, tumshindanishe na yule. Akasema tunaweza kumlipa, ila benki haitamsoma, inamsikiliza mtu iliyemtuma yenyewe tu. Njia ni kumwonyesha mthamini yule yule vitu viwili: makosa ya ukweli yaliyomo kwenye ripoti yake, na mauzo ambayo hakuyaona. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, na akikataa ndiyo basi.

Na nisimtukane, akaongeza. Alinijua vizuri kiasi hicho.

Tukaipitia ripoti pamoja. Mthamini naye alikuwa ameweka nyumba zake tatu za kulinganisha. Moja iliuzwa mwaka uliotangulia, kabla bei hazijaanza kukimbia. Nyingine ilikuwa nyumba pacha, imeungana na jirani ukuta kwa ukuta, kiwanja chake nusu ya chetu. Ya tatu ilitazama barabara kuu, na malori yanapita mbele ya dirisha usiku na mchana. Kwa nyumba niliyomweleza mimi, ya mtu maskini yenye dari linalovuja, alikuwa amechagua vizuri kabisa. Ubaya ni kwamba nyumba hiyo haikuwepo.

Jumamosi nilimkuta dada kwenye chumba cha kufulia anakunja mashuka. Nikasimama chini ya ile alama ya dari, mahali panaponifaa, nikaanza kuapa kwamba sikukusudia kumdhulumu. Aliniacha niape mpaka nikamaliza viapo vyote nilivyovijua. Kisha akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kukunja.

"Sikusema umeniibia," akasema. "Ungekuwa mwizi ningekujua toka ukiwa mdogo. Ila mtu alikuuliza nyumba yetu ikoje, ukamwambia si kitu. Mimi mgongo wangu umo humu ndani."

Tukakunja shuka, nusu, tena nusu. Nilitamani anipige nalo. Nikamwambia ni yeye aliyenifundisha kusema hivyo, tangu kambini. Akasema ndiyo, alinifundisha nifiche mafuta, hakunifundisha nisahau kwamba yapo.

Basi nikaingia kazini. Nyumba mbili nilizipata kirahisi kwenye tovuti za nyumba zilizouzwa. Moja iko mtaa wa nyuma yetu, ya matofali kama yetu, vyumba vinne, iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni kwa sababu ya kufungiwa, kwa laki saba na elfu sabini na mbili. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya reli, bafu lake zuri kuliko letu, laki saba na elfu tisini na tano. Nilitaka kulificha lile bafu. Dalali akasema niliandike, na niandike kabisa kwamba ni bora kuliko la kwetu, maana mthamini ataliona tu, na akigundua nimeficha moja hataamini mengine. Niliandika. Ilikuwa mara ya kwanza nimeambiwa niseme ubaya wa nyumba yangu kwa kiasi.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na kazi. Nyumba iliyofanana na yetu kama mapacha, mjenzi mmoja, ramani moja, ilikuwa barabara yetu hii hii, na aliyeinunua alikuwa shemasi wa kanisa letu, Mkongo wa Uvira. Alikuwa amehamia majuzi tu, na kwenye tangazo pameandikwa imeuzwa, bei haikutajwa. Kwenye rekodi za umma ilikuwa bado haijaingia. Lakini mimi bei niliijua. Shemasi mwenyewe aliniambia, baada ya ibada ya video ya kushukuru: laki sita na nusu, bei ya neema. Kwa bei hiyo, nyumba yake ingenizika mzimamzima. Na mthamini siku moja angeiona.

Nilikaribia kuiacha. Halafu, nikiwa napaki katoni, nikajiuliza ni nani aliyeniambia bei hiyo. Mtu wa kwetu. Aliyelelewa kama nilivyolelewa.

Tulikuwa tunaruhusiwa kutoka kwa mazoezi, basi nikamwomba shemasi tutembee. Tukazunguka uwanja wa karibu na stesheni, barakoa usoni, mimi nikimwuliza hali ya familia, ya Uvira, ya mgongo wake, mpaka tukawa tumezunguka vya kutosha na adabu zikaisha. Nikamwambia shida yangu yote, kuanzia simu ya mthamini mpaka mashuka. Hakuchukua muda kuelewa. Nilipofika kwenye "nyumba ya mtu maskini" akaanza kutikisika mabega.

Nikamwuliza: ile laki sita na nusu, shemasi, ni bei au ni adabu?

Alitazama nyuma, akatazama mbele. Uwanjani palikuwa na mbwa mmoja na mwenyewe. Akaipandisha barakoa vizuri, kana kwamba inazuia na siri, akasema, "Ndugu yangu, ni laki saba na elfu themanini. Lakini binamu zangu wakijua, nimekwisha."

Akanieleza kwamba upande mmoja kuna kamati ya ujenzi wa kanisa, upande mwingine kuna ukoo mzima wa Uvira, na wote wanapiga hesabu ya mchango wa mtu kwa bei ya nyumba yake. Nikamhakikishia kwamba hatangaziwi mtu. Nitaandika anwani na bei, na mthamini mwenyewe atamwuliza ajenti aliyeuza, kama wanavyofanyiana siku zote. Akafikiri. Akaniuliza kama dada yangu ndiye yule anayemtunza bibi mmoja wa kanisani kwetu kule kwa wazee, anayemwimbia asubuhi. Nikasema ndiye. Akasema andika. Tukarudi kila mtu kwake, watu wazima wawili wenye nyumba nzuri, wote waongo.

Pingamizi letu lilikuwa fupi mpaka likanitia wasiwasi. Dalali alilikata, akalikata tena. Makosa ya ukweli: vyumba ni vinne, na chumba cha nyuma kipimo chake ni hiki. Jiko limebadilishwa, picha hizi. Bomba lililotia alama dari lilitengenezwa, risiti ya fundi hii hapa. Kisha nyumba tatu, kila moja na tarehe ya kuuzwa, bei, kiwanja, na mstari mmoja unaosema ni bora au ni duni kuliko yetu na kwa nini. Kambi, magoti, Mungu, vyote vikatolewa. Picha safari hii alipiga dada. Alifungua mapazia, akaondoa nguo kwenye viti, akaweka bakuli la machungwa jikoni. Nilisimama pembeni nikishika kitambaa cha kufutia vumbi.

Tukangoja. Yule nesi mstaafu alipiga simu kuuliza, dada akamwomba amvumilie kidogo tena, na alivyosema "tafadhali" kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, nilitoka nje nikaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yamenyeshewa na mvua.

Jibu lilikuja kwa barua pepe kavu isiyo na pole wala hongera. Mthamini ameupitia ushahidi wa ziada. Idadi ya vyumba imerekebishwa. Nyumba ya barabara yetu imekubaliwa kuwa ndiyo ya kulinganisha iliyo karibu zaidi. Thamani mpya: laki saba na elfu sitini na tano. Hatukupewa yote tuliyotaka, na dalali alituambia tushukuru, wengi hurudishiwa jibu la bei ile ile.

Fungu la dada likatosha. Nilipiga hesabu upya kwenye meza ya jikoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa wiki zote zile nilikuwa nimepigana kwa akili zangu zote, nimemtoa shemasi siri, nimewapigia watu magoti, ili mimi mwenyewe niwe na deni kubwa zaidi. Nilimwonyesha mke wangu. Akasema hajawahi kuniona nikifanikiwa hivyo katika jambo lolote. Dada alikuwa anapita na kikombe chake, akaitazama karatasi juu ya bega langu, akanisukuma kichwa kwa vidole viwili. "We mbwa," akasema, "chakula kinapoa." Nilikula mpaka sahani ikawa safi.

Alihama masharti yalipolegezwa, maua ya zambarau yakiwa yamejaa mitaani. Nikasafirisha kitanda chake kwenye gari la kuazima, nikakifunga vibaya, kikadondoka barabarani mara moja, lakini hiyo ni habari nyingine ya aibu. Wiki iliyofuata alitualika chakula, mimi, mke wangu na watoto.

Njiani nilikuwa nimejiandaa. Najua tunavyofanya. Mwenyeji anasema karibuni kibandani, ni kadogo, hakana kitu. Mgeni anasema ah, usiseme hivyo, pazuri sana. Mwenyeji anakataa, mgeni anasisitiza, na baada ya hapo ndipo watu wanakaa. Nilikuwa na maneno yangu mdomoni kabisa, na bakuli la machungwa mkononi.

Mlango ulifunguliwa kabla sijagonga. Dada alisimama katikati yake, kitenge kipya, funguo zimening'inia kidoleni. Alitutazama mmoja mmoja, na mimi wa mwisho.

"Karibuni," akasema. "Nyumba yangu ni nzuri."

Mke wangu akaangua kicheko. Watoto walikwisha kupita chini ya mkono wake na kuingia. Mimi nikabaki pale na sentensi yangu ya usiseme hivyo dada, haina pa kwenda. Nikamwuliza, kwa sababu ilibidi niseme kitu, jiko nalo likoje.

"Zuri," akasema.

Nikavua viatu, nikaingia.